UZI: Gauni la kitenge nililolipima kwa maelezo ya video limenibana kila mahali. Kosa liko kwenye hesabu au kwenye mikono yangu?

#1 BintiKizota
Habari za jioni wakuu. Najifunza kushona nyumbani hapa Kizota, cherehani ni ya mama. Mwezi uliopita nilishika video ya gauni la kitenge la kubana kiasi, la mikono mifupi, zipu nyuma. Nilifuata maandishi ya chini ya video bila kubadili kitu, kwa sababu fundi mwenyewe alikuwa anakata haraka na chaki yake haionekani vizuri. Nayanakili hapa:

"MAHITAJI: kitenge mita 3, zipu ya kuficha inchi 22, gamu ya kubandika kwa pasi robo mita, uzi wa rangi ya kitenge, sindano namba 14. VIPIMO: kifua gawanya kwa 4 ongeza inchi 1. Kiuno gawanya kwa 4 ongeza inchi 2 (1 ya mshono, 1 ya dati). Hipsi gawanya kwa 4 ongeza inchi 1. Mbele kata kwenye mkunjo. Nyuma kata vilevile."

Mimi kifua 38, kiuno 32, hipsi 42. Kwa hiyo nilikata kifua 10½, kiuno 10, hipsi 11½. Nimeshona, nimepiga ovaloki, limependeza sana likiwa kwenye henga. Nikilivaa, zipu inapanda mpaka chini ya mabega halafu inagoma. Nikikaa, mshono wa pembeni kwenye hipsi unaonyesha uzi. Sijanenepa, nilijipima tena. Kosa liko wapi?

#2 Mwana_Kibaigwa
Hukuloweka kitenge kabla ya kukata. Pamba hurudi. Hilo halina mjadala, mke wangu liliwahi kumkuta hilo hilo na gauni la harusi ya mdogo wake. Siku hizi kila kitenge kinachoingia nyumbani kinalala kwenye beseni kwanza.

#3 Zabibu77
Hilo gauni fundi alikutoza shilingi ngapi? Maana mimi Majengo niliambiwa elfu 25 bila bitana nikaona ni nyingi.

#4 BintiKizota
@Zabibu77 nimeshona mwenyewe dada.
@Mwana_Kibaigwa kweli sikukiloweka kabla. Ila lilinibana hata kabla halijaguswa na maji. Au tuseme nilihisi linabana, sikulipima wakati huo.

#5 FundiNkuhungu
Mdogo wangu, kabla hatujakisingizia kitambaa, soma tena hayo maandishi taratibu. Kifua 38 gawanya kwa 4 ni 9½, ukaongeza 1 ikawa 10½. Vipande vya robo viko vinne, jumla 42. Ukishona pembeni kwa inchi 1, kila robo inarudi 9½. Nne mara hiyo ni 38. Yaani gauni limekuwa sawasawa na ngozi yako. Ile inchi moja yote imeliwa na mshono, mwili haukuachiwa hata uzi mmoja wa kupumulia.

Kitenge hakivutiki. Kitambaa cha fulana ukikikata 38 kwa mtu wa 38 kinamkaa, kwa sababu kinanyumbuka. Kitenge lazima ukiachie. Mimi kifuani naachia inchi 2 kwa duara zima kwa mtu anayetaka libane, 3 kwa mtu wa ofisini. Kwa robo ni nusu inchi au robo tatu, juu ya ile ya mshono.

Sasa naomba ufanye jambo moja. Funga zipu, lilaze gauni mezani, linyooshe kwa mkono bila kulivuta, pima kutoka mshono wa kwapa mpaka mshono wa kwapa, zidisha mara mbili. Fanya hivyo kiunoni na kwenye hipsi. Leta namba hapa. Na useme nyuma ulikataje.

#6 Kijana_Sabasaba
Mimi nauza vitambaa. Niongeze moja tu: maelezo yanasema mita 3, sisi huku tunapima yadi. Yadi 3 ni kama mita 2 na sentimita 74. Wateja wengi wanakuja na karatasi imeandikwa mita, wanaondoka na yadi, halafu wakifika nyumbani mkono mmoja haupatikani. Dada ulinunua nini?

Na kingine, siku hizi kuna vitenge vimechanganywa na uzi wa mpira, vinavutika. Video nyingi wanashonea hivyo kwa sababu vinakaa vizuri mwilini mbele ya kamera. Mtazamaji anaona maua yale yale, ananunua cha pamba tupu, anakata kwa vipimo vya kinachovutika. Inawezekana fundi wa video hakukosea hata kidogo, ni kitambaa tu si kile.

#7 BintiKizota
@Kijana_Sabasaba nilinunua yadi 3. Kilitosha na kimebaki kipande.

@FundiNkuhungu nimepima. Kifua 36. Kiuno 29½. Hipsi 40.

Nyuma nilikata kama mbele, kwenye mkunjo, kama walivyoandika "vilevile". Halafu nikakumbuka kuna zipu, nikapasua katikati ya mgongo kwa mkasi kuanzia juu hadi chini. Zipu nimeshonea kwa robo tatu ya inchi kila upande, na chini ya zipu nikaunga kwa mshono huo huo.

#8 FundiNkuhungu
Hapo tumempata mwizi wa kwanza. Robo tatu upande huu, robo tatu upande ule, ni inchi 1½ imetoka mgongoni kuanzia shingoni mpaka pindo. Hesabu ya video ilikupa 38, zipu ikala 1½, ulitakiwa kubaki na 36½. Hipsi 42 toa 1½ ni 40½.

Nyuma yenye zipu haikatwi kwenye mkunjo. Inakatwa vipande viwili, na kwenye mstari wa katikati unaongeza inchi 1 ya zipu nje ya kipimo. Aliyeandika "vilevile" amekuponza, labda yeye mkono wake umezoea akaongeza bila hata kufikiri.

Ila bado kuna nusu inchi sijui imekwenda wapi. Wewe umepata 36, mimi nategemea 36½. Hipsi 40, nategemea 40½. Kiuno ni zaidi: robo nne za 10 ni 40, toa 4 za mishono ya pembeni ni 36, toa 1½ ya zipu ni 34½, toa dati nne za inchi moja moja ni 30½. Wewe una 29½. Huko imepotea inchi nzima.

#9 MzeeBahi
Nimeshona tangu mwaka 1979, nguo za shule na suti. Wote mnahesabu lakini hakuna aliyeuliza tepu. Tepu ya plastiki ikikaa miaka, ikitundikwa shingoni kila siku, inavutika. Tepu iliyovutika inakudanganya kwa kupunguza: mwili wa 39 yenyewe inasoma 38. Binti, chukua rula ya chuma ya shule, ilaze juu ya tepu, tazama inchi 12 zinalingana? Halafu tazama tena kati ya 30 na 42, kwa sababu tepu haivutiki sawa mwili mzima.

#10 NyemoWaIpagala
Mzee shikamoo. Nakubaliana na tepu, lakini hapa haielezi ile nusu. Kama tepu yake imevutika, amekatia kwa tepu hiyo hiyo na amelipima gauni kwa tepu hiyo hiyo. Uongo unakuwa mmoja pande zote, unajifuta. Tepu mbovu inaumiza pale unapompima mtu kwa tepu hii na kukata kwa nyingine.

#11 MzeeBahi
Marahaba mwanangu. Hapo umenishika, ni kweli. Lakini apime hata hivyo.

#12 Mwana_Kibaigwa
Hiyo nusu inchi ndiyo kurudi kwa kitambaa niliyosema mwanzoni kabisa. Dada, umelifua?

#13 BintiKizota
Nililiingiza kwenye maji ya baridi kama nusu saa kuondoa alama za chaki, nikalianika kivulini. Kupima nimepima jana, kwa hiyo ni baada ya maji.

#14 MamaMakole
Nimesubiri mfike hapa. Mwaka juzi nilichoka kubishana na wateja, nikakata mraba wa inchi 20 kwa 20 kutoka kitenge kipya cha pamba, nikauweka alama ya mshale upande unaofuata ule ukingo wenye maandishi ya kiwanda. Nikauloweka usiku kucha, nikaanika kivulini, nikapiga pasi. Upande unaofuata ukingo ulikuwa 19¼. Upande unaokata kutoka ukingo mmoja hadi mwingine ulikuwa 19¾. Kwa hiyo kitenge hakirudi sawa, urefu wa jora ndio unaorudi zaidi.

Sasa swali langu kwa binti: kitenge chako kina picha gani, na ulikilazaje wakati wa kukata?

#15 BintiKizota
Kina ndege wamesimama, wa bluu na njano. Nikikata kufuata ukingo ndege wote wanalala chali. Nikageuza kitambaa ili wasimame, ndiyo maana gauni nimelifupisha likawa inchi 42, upana wa kitenge ulikuwa 45 tu.

#16 MamaMakole
Basi umekata kwa kulala. Wengi hawajui kwa nini vitenge viko hivyo. Kitenge kilichorwa cha kujifunga: urefu wake unazunguka kiuno, upana wake ndio unashuka toka kiunoni kwenda miguuni. Ndege akitazamwa juu ya mama aliyejifunga anasimama. Ukimletea fundi wa gauni akate kwa kufuata ukingo kama vitambaa vingine, ndege analala. Kwa hiyo unageuza, na ukigeuza, ule upande unaorudi sana ndio unazunguka kifua chako. Aliyekata kwa kufuata ukingo, maji yatamfupishia gauni. Wewe yamekubania.

Kwa hiyo @Mwana_Kibaigwa ana nusu ya haki.

#17 FundiNkuhungu
Mama Makole nakuheshimu, ila tuangalie kiasi. Mraba wako ulitoka 20 ukawa 19¼. Kwa gauni la 36½ kwa mwendo huo ungepoteza karibu inchi 1 na theluthi. Yeye kapoteza nusu. Mimi naona ni mkono. Anaposhona inchi 1 pembeni, akizidisha nyuzi chache tu kila upande, tuseme sehemu moja ya nane ya inchi, mara nne ni nusu inchi kamili. Anayejifunza karibu wote wanazidisha, kwa sababu kitambaa kikielekea kutoka nje ya mguu wa cherehani mtu anakisukuma ndani.

#18 MamaMakole
Mimi niliacha usiku kucha, yeye nusu saa. Na vitenge havifanani, kuna kilichojaa wanga unakiona kama karatasi, hicho kinarudi vibaya, na kuna chepesi ambacho hakirudi sana. Bado nashikilia maji.

#19 FundiNkuhungu
Tungejua kwa kupima mshono wenyewe ndani. Binti, pindua gauni, kutoka mstari wa uzi hadi mwisho wa kitambaa ni ngapi?

#20 BintiKizota
Nusu inchi. Nilipunguza nikapiga ovaloki kama kwenye video. Vipande nilivyokata nimetupa.

#21 FundiNkuhungu
Ushahidi umeondoka na fagio. Basi tutabishana mimi na Mama Makole mpaka Nanenane.

Na hilo nalo liwe kilio changu kwa wote wanaojifunza: usipunguze mshono wa pembeni wa gauni jipya. Piga ovaloki kwenye ukingo, acha inchi nzima ndani. Mavazi ya mama zetu yalipanuliwa mara mbili tatu kwa ajili ya hiyo inchi. Ungekuwa nayo leo ungefumua na kupata karibu inchi 2 ukalala.

#22 Kijana_Sabasaba
Na ile inchi ya kiunoni je? Fundi ulisema huko imepotea inchi nzima, nusu ni hii mnayobishania. Nusu nyingine?

#23 NyemoWaIpagala
Dati. Nina uhakika karibu wote, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuandika maelezo ya video na kinamama wawili wakanirudia na malalamiko haya. Ukiandika "inchi 1 ya dati" kuna anayeelewa dati lote lina upana wa inchi moja, yaani nusu huku na nusu kule ya mstari wa katikati. Kuna anayekunja kitambaa na kushona inchi 1 kutoka kwenye mkunjo, hilo limekula inchi 2. Binti hakufanya hilo la pili, angepoteza inchi 4 nzima. Lakini akishona ⅝ ya inchi kutoka kwenye mkunjo badala ya ½, kila dati linakula 1¼, mara nne ndiyo hiyo inchi. Hata nusu ya kosa hilo inatosha kuleta nusu inchi yake.

Chora dati kwa chaki pande zote mbili, miguu yake miwili, uibane na pini ukiwa unaona mistari inakutana. Usishone kwa kukadiria kutoka kwenye mkunjo. Na ncha yake iishie kama inchi moja kabla ya chuchu, la sivyo linatoa kipembe.

#24 Zabibu77
Samahani nilielewa vibaya mwanzoni. Nimesoma uzi wote sasa. Mimi langu la Majengo fundi aliweka bitana, gauni la nje likawa zuri lakini bitana ilichanika mgongoni siku ya pili nikiwa nainama kuchukua mtoto. Inahusiana?

#25 MamaMakole
Inahusiana sana. Bitana nayo haivutiki, na ni laini, mshono wake unafunguka kabla ya kitenge. Bitana inatakiwa iwe pana kuliko gauni, mgongoni unaiwekea pleti ndogo ya katikati ili ukinyoosha mikono ipate pa kufungukia. Fundi akikata bitana kwa karatasi ile ile ya gauni bila kuiongeza, huo ndio mwisho wake.

#26 Mwana_Kibaigwa
Turudi kwa binti. Limekwishabana, atafanya nini? Asije akalitupa, kitenge si bei rahisi.

#27 MzeeBahi
Amuuzie mdogo wake.

#28 BintiKizota
Mdogo wangu ni mrefu kuliko mimi mzee, litamfika magotini 😂

Ila nimefanya ulichosema. Tepu na rula vinalingana. Halafu dada akanipima yeye, badala ya mimi kujipima mbele ya kioo. Kifua akapata 39.

#29 FundiNkuhungu
Mtu akijipima mwenyewe tepu inashuka mgongoni, inapita chini ya mfupa wa bega ambako ni kwembamba. Usijipime kifua peke yako. Sasa picha inabadilika: mwili 39, gauni 36. Hapo zipu ingegoma hata kwa dua.

Namna ya kuliokoa. Ulisema umebakiwa na kipande, nacho lazima kiwe kikubwa, kwa sababu kwa kukata kwa kulala mbele inakula kama inchi 23, nyuma 23, mikono kama 32, jumla 78, na yadi 3 ni inchi 108. Una karibu inchi 30 za kitenge zikiwa na ndege wamesimama.

Kwanza kiloweke hicho kipande, kwa sababu gauni limeshapata maji na chenyewe bado. Kisha kata kanda mbili za urefu wa gauni. Kifua chako 39 kiachie 2, ni 41. Gauni ni 36, unahitaji inchi 5, kila upande 2½. Kanda ikate 3½, nusu inchi huku na nusu kule za mshono. Fumua pembeni kuanzia pindo mpaka kwapani, na uendelee kufumua mkono kwa chini mpaka mwisho wake, kwa sababu kanda lazima iingie na kwenye mkono. Usipofanya hivyo gauni litapanuka na mkono utabaki mwembamba, utashindwa kuungana kwapani. Shonea kanda kwenye mstari ule ule wa uzi wa zamani, maana nusu inchi uliyobakisha inatosha.

Kwa inchi 5 hizo kiuno kitakuwa 34½ kwa mwili wa 32, hipsi 45 kwa mwili wa 42. Inakaa.

#30 NyemoWaIpagala
Nyongeza moja kwenye kanda. Mkono na mwili usivikate kwa kanda moja iliyonyooka ukaikunja kwapani, itafanya donge. Unga kanda ya mkono na kanda ya mwili kwa mshono pale kwapani, mishono minne ikutane kama msalaba. Bana na pini pale kwenye msalaba kwanza, shona kuelekea chini, kisha rudi pale pale shona kuelekea mkononi.

#31 Kijana_Sabasaba
Kama akitaka lionekane ni mtindo, aweke kanda za rangi moja, bluu ya wale ndege. Watu wataona ni ubunifu. Ninazo bluu tatu hapa Sabasaba.

#32 MamaMakole
Rangi moja ni sawa ila ailoweke tofauti na kitenge kwanza, bluu nyingine zinatoa rangi, ndege wa njano watakuwa kijani.

Na kuhusu hipsi sikubaliani na fundi. Inchi 3 kwa gauni la kushuka mpaka chini ya goti ni sawa ukiwa umesimama. Mimi nampima mteja akiwa amekaa kwenye kigoda, tepu ikizunguka sehemu pana kuliko zote. Wengi wanaongezeka inchi 1½ hadi 2 wakikaa. Kipimo cha kukaa ndicho nakatia, halafu sihitaji kuongeza sana.

#33 FundiNkuhungu
Ukikatia cha kukaa, akisimama nguo inaning'inia nyuma kama mfuko. Mimi nakatia cha kusimama, naachia 3, na mpasuo nyuma unasaidia hatua.

#34 MamaMakole
Mpasuo unasaidia magoti, hausaidii makalio.

#35 FundiNkuhungu
Hapo sina jibu la haraka. Wateja wangu wengi ni wa kwenye usafiri, wanakaa saa nzima kwenye daladala kutoka Nzuguni, nitawauliza.

#36 NyemoWaIpagala
Mimi linaniuma lile la maandishi ya chini ya video. Nilivyokuwa naandika yangu nilidhani kufupisha ni kumsaidia msomaji. "Ongeza inchi 1." Ya nini? Ya mshono, ya kupumulia, au zote? Fundi anajua, anayejifunza hajui. Nimerudi nikaandika hivi: "kifua chako gawanya kwa 4, ongeza nusu inchi ya kupumulia, ongeza inchi 1 ya mshono wa pembeni. Nyuma kata vipande viwili, katikati ongeza inchi 1 ya zipu kila kipande. Kitenge ni cha pamba kisichovutika, kimelowekwa kabla ya kukatwa. Kimekatwa kwa kulala." Ni mistari mitatu zaidi.

#37 MzeeBahi
Weka na upana wa kitambaa. Ukisema mita 3 bila kusema upana hujasema kitu. Cha inchi 45 na cha inchi 60 si kimoja. Na mrefu wa gauni la inchi 50 hawezi kukata kwa kulala kwenye cha 45, atafanyaje?

#38 NyemoWaIpagala
Anaweka kiungo kiunoni mzee, juu kipande chake na sketi kipande chake. Au anakubali ndege walale, au anatafuta kitenge chenye maua ya duara yasiyo na juu wala chini. Nimeongeza upana, ahsante.

#39 Mwana_Kibaigwa
Kwa hiyo mwisho wa yote ile nusu inchi ni maji au ni mkono?

#40 FundiNkuhungu
Mkono.

#41 MamaMakole
Maji. Binti, kile kipande kilichobaki kabla hujakiloweka kichoree mraba wa inchi 10 kwa kalamu isiyofutika, weka mshale wa ukingo. Nusu saa tu maji ya baridi kama ulivyofanya gauni. Kikitoka tupe namba.

#42 BintiKizota
Ahsanteni sana wote. Nimechora mraba, kiko kwenye beseni sasa hivi. Upande wa kufuata ukingo nimeuandikia U. Fundi, hata kama mama atashinda, kanda nakata 3½ hiyo hiyo?

#43 FundiNkuhungu
3½ hiyo hiyo. Lakini kwanza kata ya mfano kwa marekani ya bei rahisi, ibandike kwa pini pembeni, funga zipu, kaa kwenye kigoda. Ikikubana hipsi ukiwa umekaa, ipanue kuanzia kiunoni kushuka tu, juu iache.

#44 MamaMakole
Kwenye kigoda, umesema fundi 😊

#45 BintiKizota
Mraba umekauka, nimepiga pasi. U ni 9⅞. Upande mwingine bado 10.

#46 Mwana_Kibaigwa
Kwa hiyo?

#47 NyemoWaIpagala
Moja ya nane kwenye 10, kwa 36½ ni kama 0.45. Karibu kabisa na nusu inchi.

#48 FundiNkuhungu
Karibu. Ila kusoma moja ya nane juu ya kitambaa kwa mstari wa kalamu nene ni kazi, unaweza kukosea nusu yake kirahisi. Binti rudia kwa mraba wa 20, kama kipande kinaruhusu.

#49 BintiKizota
Kipande hakiruhusu fundi, nikitoa 20 nakosa kanda za mikono. Jumamosi nakata kanda, nitaleta picha za kwapani kabla sijapiga ovaloki.